Barua kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili: sababu iliyokosekana katika mstari wa pili

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba unataka kuacha Aljebra kwa sababu umefika kila mara kwenye jibu linalotakiwa, na bado karatasi inarudi na maksi sifuri. Nimelisoma swali lako la tatu mara kadhaa. Ulichokosa ni sababu ya mstari mmoja tu, basi tuuangalie huo.

Swali lilisema hivi: katika kundi G, kila kipengele x kinatimiza xx = e. Thibitisha kwamba ab = ba kwa kila a na b. Kumbuka kundi ni nini. Ni mkusanyiko wenye tendo la kuunganisha vipengele viwili ili kupata kingine cha humo humo. Mabano unaweza kuyahamisha. Kipo kipengele e kisichobadilisha chochote. Na kila kipengele kina kinyume chake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ab ni sawa na ba. Kundi lenye sifa hiyo ya ziada huitwa la Abeli, kwa heshima ya Niels Henrik Abel, Mnorwei aliyefariki mwaka 1829 akiwa na miaka 26.

Wewe uliandika:

(ab)(ab) = aabb, kwa kanuni ya vipeo.
Futa a kushoto na b kulia: ba = ab.

Sasa ziba kwa kiganja sharti la swali, lile la xx = e, kisha usome upya. Uthibitisho wako haukutikisika hata kidogo, maana hukulitumia popote. Kwa hiyo, kama ungekuwa sahihi, ungethibitisha kwamba makundi yote duniani ni ya Abeli. Hilo si kweli, na unaweza kujionea mwenyewe.

Chukua kadi tatu, uzipange 1 2 3. Tendo a ni kubadilishana nafasi kadi mbili za kushoto. Tendo b ni kubadilishana mbili za kulia. Anza na a kisha b: unapata 2 1 3, halafu 2 3 1. Anza na b kisha a: unapata 1 3 2, halafu 3 1 2. Majibu mawili tofauti. Tazama pia kwamba a ukiirudia mara mbili kadi zinarudi zilipokuwa, na b vilevile. Lakini "a kisha b" ukiirudia mara mbili unaishia 3 1 2. Yaani aa = e na bb = e, ila (ab)(ab) si e. Kanuni ya vipeo uliyoizoea sekondari ilikuwa ya namba, na namba ukizizidisha hubadilishana nafasi bila tatizo. Ulipoitumia hapa, ulichukua kimyakimya jambo lile lile uliloambiwa ulithibitishe.

Hata hivyo mstari wako, (ab)(ab) = aabb, ni wa kweli katika swali hili! Sababu yake ndiyo si ya kweli. Rudi kwenye neno "kila". Halikuhusu a na b peke yake. ab nayo ni kipengele cha G, kwa hiyo sharti linaishika pia: (ab)(ab) = e. Upande wa pili, aabb = ee = e. Pande zote mbili ni e, basi ni sawa. Kisha unafuta a kushoto na b kulia, na ruhusa ya kufuta inatokana na kuwepo kwa vinyume. Imebaki ba = ab. Umemaliza.

Ndiyo maana nakusihi ukunje karatasi yako katikati: kushoto mistari, kulia sababu ya kila mstari. Sababu iwe fasili, sharti la swali, au jambo lililokwisha kuthibitishwa. Pale kalamu inaposita upande wa kulia, simama hapo hapo, usiruke. Ukifika mwisho, tafuta sharti lilitumika mstari gani. Usipoliona, jaribu hoja yako kwenye kadi tatu kabla ya kuikabidhi. Mimi hufanya hivyo mpaka leo.

Usiandike barua ya kuacha somo wiki hii. Badala yake, weka xxx = e mahali pa xx = e na ujaribu njia ile ile. Utapata ababab = aaabbb; ukifuta utabaki na baba = aabb, na hapo itagoma. Haitagoma kwa uzembe wako: lipo kundi lenye vipengele 27 ambamo kila x hutimiza xxx = e, na bado si la Abeli. Niletee kwenye semina karatasi iliyokunjwa, ukiwa umeweka alama pale hoja ilipokwama.

Mkufunzi wako