Fahamu: Barua ya mwisho ya madai kabla ya kwenda mahakamani

Ni nini?

Ni barua inayompa mdaiwa nafasi ya mwisho kulipa kabla hajashtakiwa. Nchini Kenya ina uzito wa kisheria: kanuni za mashauri ya madai zinataka nakala yake iambatanishwe na hati ya madai. Ukishtaki bila kumpa notisi, naye akalipa kabla ya kesi kusikizwa mara ya kwanza, kwa kawaida hutarudishiwa gharama za wakili.

Iandikweje?

Tuseme fundi alitengeneza madirisha ya shilingi 240,000 na kulipwa 150,000. Barua itaje tarehe ya makubaliano, siku kazi ilipokabidhiwa na salio la 90,000, kisha itamke siku yenyewe ya mwisho, mathalani "kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa tarehe 14", maana "haraka iwezekanavyo" haimbani mtu. Mwisho iseme kwa upole kitakachofuata: kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, pamoja na ombi la riba na gharama.

Upole hautapuuzwa?

Wapo wasemao mdaiwa sugu husikia vitisho tu. Lakini barua hii ina msomaji wa pili, yaani mahakama. Kumtishia mdaiwa kwa polisi juu ya deni la kawaida la mkataba ni kutumia njia isiyohusika, na matusi humpa mdaiwa hoja ambayo hakuwa nayo. Tarehe na kiasi hana pa kuvikwepea, mradi uhifadhi ushahidi kwamba barua ilimfikia.