Lugha ya Bangili ya Mazoezi: Maneno Yaliyohifadhiwa na Maneno Yanayotumwa

Mtumiaji wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, aliyeichagulia simu yake Kiswahili huweza kukuta bangili yake ya mazoezi ikimwonyesha Kichina. Makala haya yanajaribu kueleza sababu.

Bangili hubeba maneno ya aina mbili. Maneno ya menyu, kama vile yale ya mapigo ya moyo na usingizi, yamehifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe. Programu andamani, yaani ile ya simuni inayoiongoza bangili, haiyatafsiri. Kwa kawaida hukitajia kifaa lugha tu, mathalani `sw` au `en`. Lugha isiyokuwamo hukirudisha kifaa kwenye lugha yake ya msingi, ambayo kwa bangili za soko la China huweza kuwa Kichina. Hivyo basi, simu ibaki katika Kiswahili, ila programu andamani ichaguliwe Kiingereza. Ikiwa haina orodha ya lugha, Android 13 (2022) na matoleo yaliyofuata huruhusu kubadili lugha ya programu moja katika mipangilio ya simu, mradi programu hiyo iwe imeandaliwa hivyo. Kisha bangili iunganishwe upya na simu.

Aina ya pili ni ujumbe unaotoka simuni. Huu hupita kama herufi, na herufi za Kiswahili ni zile zile za Kiingereza. "Ng'ombe wamepona" itasomeka. Pengine ritifaa iliyopinda ndiyo itakayogeuka kisanduku. Kwa hiyo, ujumbe kusomeka si ushahidi kwamba kifaa kina Kiswahili.