Magamba ya kichwani kwa mtoto mchanga

[MUZIKI WA KUFUNGUA, SEKUNDE 10, KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI: Habari zenu, akina mama, akina baba, na bibi zetu mnaolea wajukuu. Karibuni katika kipindi cha afya ya mama na mtoto. Leo tunazungumzia yale magamba ya njano yanayoganda kichwani mwa mtoto mchanga, kama ukoko unaobaki chini ya sufuria ya wali. Tunaye muuguzi wa wodi ya wazazi, na tunaye pia mama mmoja mwenye mtoto wa wiki tano. Mama, karibu. Ilianzaje?

MAMA: Asante, kaka. Mtoto alizaliwa kichwa safi kabisa. Wiki ya tatu nikaona vipande vya njano juu ya utosi, vina mafuta mafuta. Vikaongezeka mpaka kwenye nyusi. Majirani wakasema simwogeshi vizuri. Nikaanza kumwosha kichwa mara tatu kwa siku, kwa sabuni ya kufulia. Magamba hayakutoka, na ngozi ikakauka.

MTANGAZAJI: Muuguzi, huu ni uchafu?

MUUGUZI: Hapana. Mama huyu hana kosa lolote. Ngozi ya kichwa ina vifuko vidogo vinavyotoa mafuta. Inadhaniwa kwamba homoni za mama, ambazo mtoto huzaliwa nazo, huvifanya vitoe mafuta mengi kuliko kawaida. Ngozi iliyokufa, badala ya kudondoka yenyewe, inanaswa na mafuta hayo na kuganda. Hata mtoto anayeogeshwa kila siku hupata. Haiambukizi, na kwa kawaida haiwashi wala haimuumi mtoto. Ndiyo maana utamwona ananyonya na kulala vizuri, huku mama ndiye anayekosa usingizi.

MTANGAZAJI: Yanakaa muda gani?

MUUGUZI: Mara nyingi huanza katika wiki au miezi ya kwanza, na kwa watoto wengi huisha yenyewe kabla ya mwaka mmoja. Kwa hiyo ukiamua kuyaacha tu, hujamdhuru mtoto. Ukitaka yatoke mapema, yalainishe. Usiyabandue.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Tuelezee hatua kwa hatua, kwa vitu tulivyo navyo kambini.

MUUGUZI: Kwanza mafuta. Vaselini au mafuta ya watoto yasiyo na manukato yanafaa. Kama huna, mafuta ya alizeti yatakusaidia. Najua mafuta ya mgao ni chakula na hayatoshi, lakini hapa unahitaji nusu kijiko cha chai tu. Usitumie mafuta ya karanga, kwa sababu ya mzio. Mawese mekundu nayo yaache, maana rangi yake itakuzuia kuona kama ngozi imekuwa nyekundu. Na kama ngozi ina kidonda au inatoa maji, usipake mafuta yoyote.

Nawa mikono. Chovya ncha za vidole, kisha paka juu ya magamba kwa kuzungusha taratibu. Usiogope utosi. Ni laini, lakini ngozi yake ni imara, na kuupitisha kidole polepole hakumdhuru mtoto. Acha mafuta yakae dakika 15. Magamba yakiwa mazito, paka jioni uoshe asubuhi.

MTANGAZAJI: Halafu?

MUUGUZI: Chukua kitambaa laini kilicho safi, au mswaki mpya wa mtoto wenye nywele laini. Sugua kidogo kidogo bila kukandamiza. Gamba lililo tayari litatoka lenyewe. Lisilotoka liache mpaka siku nyingine. Baadaye osha kwa maji ya uvuguvugu, na uyapime kwanza kwa kiwiko chako. Tumia sabuni ya mtoto, kidogo tu, wala si ya kufulia. Suuza mpaka mafuta yote yatoke, kwa sababu yakibaki yatanasa magamba mapya. Maji yakiwa machache, beseni dogo na kikombe kimoja vinatosha. Mkaushe, kisha mfunike asipigwe na baridi.

MTANGAZAJI: Mama, wewe ulifanya hivyo?

MAMA: Nilifanya siku moja, nikaruka moja. Mara ya kwanza vilitoka vipande vitatu tu, nikakata tamaa. Mara ya nne sehemu kubwa ya utosi ilikuwa safi. Lakini nywele zilitoka pamoja na magamba, nikashtuka.

MUUGUZI: Usishtuke, mama. Nywele hizo zitaota tena. Ngozi pia inaweza kubaki na mabaka yaliyofifia, hasa kwetu wenye ngozi nyeusi, na rangi hurudi polepole. Magamba nayo yanaweza kurudi baada ya wiki chache. Yakirudi, anza tena vilevile.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Kuna bibi wanaobandua kwa kucha, na wengine wananyoa kichwa kwa wembe.

MUUGUZI: Bibi zetu wanafanya kwa upendo, lakini hapo ndipo shida inapoanzia. Chini ya gamba kuna ngozi changa. Ukibandua kwa nguvu inachubuka, na wembe unakata. Vijidudu vinaingia, na mtoto wa wiki chache hana nguvu ya kupambana navyo. Krimu za sokoni nazo msipake. Baadhi zina dawa kali za ngozi, na ngozi ya mtoto hufyonza dawa haraka.

MTANGAZAJI: Ni lini tuache kutibu nyumbani?

MUUGUZI: Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona ngozi imevimba, ina joto, inatoa damu, usaha au maji, ina harufu mbaya, au ina vipele vyenye usaha. Usisubiri hata kidogo, hata kama ni usiku, mtoto akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili wake ukiwa baridi kuliko kawaida, au akikataa kunyonya, akilegea, akipumua kwa shida au akipata degedege. Hapo hatuangalii magamba tena, tunaangalia uhai wa mtoto.

MTANGAZAJI: Na yasiyo ya haraka?

MUUGUZI: Mlete tukamwone kama umelainisha kwa wiki kadhaa bila nafuu, au magamba yameenea usoni na mwilini, au bado yapo baada ya mwaka mmoja. Mtoto akiwa mwekundu mwili mzima, anaharisha na haongezeki uzito, huyo mlete mapema zaidi.

Angalia pia kama anajikuna na kulia usiku. Magamba haya ya kawaida hayawashi sana. Akiwa na vipele viganjani au kwenye nyayo, na wengine nyumbani wanajikuna, huenda ni upele, na familia nzima inahitaji dawa. Mashavu yakiwa mekundu, yanawasha na kutoa maji, huenda ni pumu ya ngozi. Hayo mafuta peke yake hayatayaponya.

MTANGAZAJI: Asante, muuguzi. Asante, mama. Msikilizaji, kama jirani yako ana mtoto mwenye magamba, usimwambie ni mchafu. Mwambie apake mafuta kidogo, asubiri dakika 15, asugue taratibu na asuuze vizuri. Kucha na wembe aviweke mbali. Akiona usaha au homa, msindikize kituoni.

Wiki ijayo tutazungumzia kitovu cha mtoto mchanga. Kwaherini.

[MUZIKI WA KUFUNGA]