Mahameli Isigeuke Plastiki

Mchoraji wa picha za kompyuta akiambiwa tu "sofa ya mahameli ya kijani", mara nyingi huleta kiti kinachong'aa kama plastiki. Mahameli ina nyuzi fupi zilizosimama wima. Ukiitazama uso kwa uso, mwanga huzama kati ya nyuzi na rangi huwa nzito. Kwenye kingo za mto, jicho linapopita mshazari, hutokea weupe mwembamba. Maelezo basi yaseme hivyo: kijani kizito katikati, kingo zilizopauka, na alama ya kiganja pale nyuzi zilipolazwa upande mwingine. Katika Blender, kwenye Principled BSDF, ongeza Sheen na uweke Roughness karibu 0.8. Ukiona doa kali la taa katikati ya mto, umekosea.

Kitani hakina mng'ao huo. Taja nyuzi zisizolingana unene na mikunjo yake. Ngozi iwe na vitundu vya vinyweleo na makunyanzi pale watu wanapokalia.

Henzirani, kwa maoni yangu, ndiyo huharibiwa zaidi, na kosa ni kipimo. Katika msuko wa kawaida wa kiti, wenye matundu ya pembe nane, tundu hadi tundu ni takribani milimita 12. Yakikuzwa, kiti kizima huonekana cha mtoto. Tena yawe matundu ya kweli, si picha iliyobandikwa juu ya ubao, ili mwanga upite na kivuli chenye vitobo kianguke sakafuni.