Parasetamoli asilimia 56, ibuprofeni asilimia 57: Je, kwa mwenye kipandauso ni dawa sawa?

Mama mkubwa wangu analima kabeji na njegere Mgeta, juu milimani Uluguru. Siku ya kushusha mzigo huamka usiku, anapanda fuso, na kukipambazuka yuko Morogoro mjini, soko la Chifu Kingalu. Kipandauso kikimshika siku hiyo, mzigo wote unabaki mikononi mwa madalali. Upande mmoja wa kichwa unagonga kama ngoma, mwanga unamchoma macho na harufu ya dizeli inamtapisha. Kwa miaka mingi nyumbani tuliita malaria. Alipimwa mara nyingi bila kukutwa na vimelea, wala hakuwa na homa, hadi daktari alipomuuliza maswali ya kutosha na kuupa ugonjwa jina lake.

Hayuko peke yake. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyohudumiwa na Hospitali ya Haydom, kaskazini mwa nchi, wakawahoji watu zaidi ya 7,000. Takribani wanne katika kila 100 walikuwa na kipandauso.

Mwezi uliopita, kwenye kundi letu la wazazi la WhatsApp, mzazi mmoja aliandika kwamba amesoma matokeo ya utafiti: parasetamoli inasaidia asilimia 56 ya wagonjwa wa kipandauso na ibuprofeni asilimia 57. Akamalizia: tofauti ni moja tu, nunueni ya bei rahisi. Watu wakaweka dole gumba. Nami nilitaka kuweka, kwa sababu namba zenyewe ni za kweli. Zinatoka kwenye mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013, ambapo watafiti walikusanya majaribio ya kila dawa na kuyajumlisha: tisa ya ibuprofeni yenye watu zaidi ya 4,000, na 11 ya parasetamoli yenye watu karibu 3,000. Kosa liko kwenye kuzisoma.

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: asilimia 56 ya watu walipata nini hasa?

Katika majaribio haya mgonjwa hupewa kipimo rahisi cha maumivu chenye namba nne. Sifuri ni hakuna maumivu, moja ni kidogo, mbili ni ya wastani, tatu ni makali. Husubiri mpaka maumivu yafike mbili au tatu, ndipo anameza kidonge na kuangalia saa. (Kwa Kiswahili lazima nifafanue: "baada ya saa mbili" hapa ni muda, si saa mbili asubuhi. Ukimeza saa kumi na moja alfajiri, matokeo yanasomwa saa moja.) Mtu aliyekuwa na tatu au mbili akashuka hadi moja au sifuri anahesabiwa kuwa amepata nafuu. Zile 56 na 57 ndizo hizo, watu waliopata nafuu.

Sasa mfikirie mama mkubwa akiwa na moja. Anaweza kukaa, anaweza kuitikia salamu, lakini kuhesabu noti huku dalali anapiga kelele bado ni mateso, na mara nyingi maumivu hurudi kabla ya mchana. Kwa hiyo watafiti wana kipimo kingine kigumu zaidi: nani amefika sifuri ndani ya saa mbili bila kuongeza dawa nyingine? Hapo picha inabadilika. Kwa ibuprofeni ya miligramu 400, watu 26 katika kila 100 walifika sifuri. Kwa parasetamoli ya miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya kawaida, walifika 19.

Ukiona tangazo la dawa ya kichwa linalotaja asilimia nzuri, tafuta kwanza kama linazungumzia nafuu au sifuri. Asilimia ya nafuu karibu kila mara ndiyo kubwa zaidi, kwa hiyo ndiyo inayopendwa kuandikwa kwa herufi kubwa.

Swali la pili ni: wangapi wangepona hata bila dawa? Kipandauso huja na kuondoka, na mtu akimeza kitu kwa matumaini, maumivu huweza kupungua. Ndiyo maana nusu ya washiriki, au zaidi kidogo ama pungufu, hupewa kidonge kinachofanana na dawa lakini ndani hakina dawa, na hawajui wamepewa kipi. Katika majaribio ya ibuprofeni, 12 katika kila 100 walifika sifuri kwa kidonge kisicho na dawa. Katika ya parasetamoli walikuwa 10.

Hapa kalamu na karatasi vinatosha. Chukua wanawake 100 wa sokoni wenye kipandauso, wape wote ibuprofeni. Baada ya saa mbili 26 hawana maumivu kabisa. Lakini 12 kati yao wangefika hapo hata kwa kidonge kitupu, kwa hiyo dawa yenyewe imewaokoa 14. Gawa 100 kwa 14, unapata 7. Maana yake ni kwamba inabidi watu saba wameze ibuprofeni ili mmoja wa ziada aondokewe na maumivu kabisa, mtu ambaye asingeondokewa bila dawa hiyo. Kwa parasetamoli, 19 toa 10 inabaki 9, na 100 kwa 9 ni kama 11. Mapitio yenyewe yanaandika 12, kwa sababu wao walipiga hesabu kabla ya kukata desimali. Hii ndiyo wataalamu wanaiita idadi ya watu wa kutibiwa ili mmoja anufaike, na kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo dawa ilivyo na nguvu.

Basi rudi kwenye ujumbe wa WhatsApp. Hata kwa kipimo cha nafuu dawa hizi hazilingani. Katika majaribio ya parasetamoli, kidonge kitupu kilileta nafuu kwa watu 36 katika 100. Katika ya ibuprofeni ni 25. Ukitoa, parasetamoli inabaki na 20 na ibuprofeni 32. Ile tofauti ya moja imekuwa tofauti ya 12.

Nilipomweleza hesabu hii mwenzangu mmoja ofisini, alisema: "Kumbe saba kwa mmoja, basi sita wote wametupa hela." Hapana. Kati ya hao saba, wapo watakaopata nafuu bila kufika sifuri, na wapo ambao wangepona wenyewe. Namba hii inapima kile dawa inachoongeza, haisemi kwamba wengine hawakupata chochote.

Ukitaka kuona namba ndogo inafananaje, angalia sumatriptani, dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa kipandauso, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kidonge cha miligramu 50 kina 6, yaani kiko mbele kidogo tu ya ibuprofeni. Sindano yake ya chini ya ngozi ya miligramu 6 ina 2.3. Dawa ni ile ile, lakini njia ya kuingia mwilini inaleta tofauti kubwa, maana tumbo la mtu mwenye kipandauso hulegea na kidonge hukaa humo bila kwenda popote. Kwa anayetapika kama mama mkubwa, jambo hilo ni zito kuliko jina la dawa.

Hata hivyo kuna mtego ambao mimi mwenyewe niliuingia. Mapitio yale ya parasetamoli yana majaribio ambamo parasetamoli ilitolewa pamoja na metoklopramidi, dawa ya kuzuia kichefuchefu. Waliopata nafuu ni 39 katika 100. Nilishangaa: parasetamoli peke yake 56, ikiongezewa msaidizi 39? Jibu ni kwamba hawakuwa wagonjwa wale wale. Katika majaribio hayo hayo ya pili, wengine walipewa sumatriptani ya miligramu 100, nao wakapata 42. Yaani mbele ya wagonjwa wale wale, vidonge vya bei nafuu vilikaribia kulingana na dawa maalumu, walau kwa kipimo cha nafuu. Waliofika sifuri hawakuhesabiwa. Kwa hiyo usichukue asilimia ya jaribio moja ukaipambanisha na ya jaribio lingine kama matokeo ya mechi mbili tofauti. Toa kwanza kidonge kitupu, na ukipata jaribio lililozipambanisha dawa mbili uso kwa uso, liamini zaidi.

Wagonjwa wenyewe nao huchaguliwa. Baadhi ya majaribio ya dawa za dukani yaliwaacha nje watu ambao kipandauso huwalaza kitandani au huwatapisha mara nyingi. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu, maana mama mkubwa asingeruhusiwa hata kuingia mlangoni. Mzazi ajue pia kwamba namba zote nilizotaja ni za watu wazima. Usizihamishie kwa mtoto, na aspirini isitolewe kwa mtoto chini ya miaka 16 bila daktari.

Kingine ambacho namba hii haisemi ni madhara. Kwa karatasi, ibuprofeni inashinda parasetamoli. Lakini mama mkubwa ana vidonda vya tumbo, na ibuprofeni huvichokonoa. Haimfai pia mjamzito aliyefika wiki ya 20 na kuendelea. Sumatriptani nayo haipewi mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye shinikizo la juu lisilodhibitiwa. Na dawa yoyote ya maumivu ya kawaida ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi huanza yenyewe kuleta maumivu ya kichwa. Kichwa kilichoanza ghafla kwa ukali usiowahi kuonekana, au kinachokuja na homa na shingo kukakamaa, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, si cha kukipigia hesabu. Ni cha kukimbilia hospitali.

Daktari wake aliamua aanze na parasetamoli miligramu 1,000 pamoja na metoklopramidi, ameze mapema maumivu yakiwa bado madogo, asisubiri yafike tatu kama wanavyofanya kwenye majaribio. Akamwambia asiikatie tamaa dawa kabla ya kuijaribu kwenye mashambulizi matatu, kwa kuwa hata dawa nzuri humkosa mtu siku moja na kumpata siku nyingine.

Mimi nilimpa daftari la mwanangu lililobaki kurasa na kumchorea safu tatu: saa aliyomeza, namba wakati huo, namba baada ya saa mbili. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa. Shambulio la kwanza: mbili, ikabaki mbili. La pili: moja, ikawa sifuri. La tatu, Alhamisi ya kushusha kabeji: saa kumi na moja alfajiri mbili, saa moja asubuhi moja. Pembeni ameandika kwa penseli kwamba kwenye fuso alipanda, ila hela alihesabu binamu yangu.