Kutoka 13–20: hesabu ya pointi katika badminton

Juni 2006, katika mji wa Kuching huko Sarawak, Malaysia, fainali ya wanaume ya mashindano ya Malaysia Open ilifika seti ya tatu na ubao ukasoma 20 kwa 13. Mwenye 20 alikuwa Lin Dan wa China. Mwenye 13 alikuwa Lee Chong Wei, mwana wa nyumbani. Seti mbili za mwanzo walikuwa wamegawana: Lee alichukua ya kwanza 21–18, Lin akajibu kwa 21–18. Sasa Lin alibakiza pointi moja tu awe bingwa. Hakuipata. Lee aliishinda seti hiyo 23–21.

Mechi hiyo husimuliwa kama kisa cha moyo wa mchezaji, na ndivyo ilivyo. Lakini kwa anayetaka kuelewa jinsi pointi zinavyohesabiwa katika mchezo huu wa vinyoya, sijaona somo zuri kuliko hilo, kwa sababu namna ya kuhesabu yenyewe ilikuwa mpya mwaka ule ule, na karibu kila kanuni yake iliguswa katika dakika zile za mwisho.

Kabla ya 2006 pointi ilikuwa haki ya anayeanzisha peke yake. Mchezaji akianzisha na kinyoya kikatua upande wa mpinzani, alipata pointi. Akishindwa, mpinzani hakuongezewa chochote, alipewa tu zamu ya kuanzisha. Wanaume walicheza seti za pointi 15, na wanawake wakicheza mmoja mmoja walicheza za 11. Watu wawili waliolingana waliweza kunyang'anyana zamu hiyo muda mrefu bila namba hata moja kubadilika ubaoni, na hakuna aliyeweza kujua mechi ingekwisha saa ngapi.

Mfumo mpya ulifuta haki hiyo. Kila kinyoya kinapokufa, yaani kinapogusa sakafu, kinapotoka nje au kinaponasa kwenye wavu, mmoja wa wachezaji hupata pointi, awe ndiye aliyeanzisha au aliyepokea. Aliyepata pointi ndiye anayeanzisha tena. Seti huchezwa hadi 21, na anayeshinda seti mbili kati ya tatu ndiye mshindi wa mechi.

Ukisoma haraka utadhani kilichobadilika ni kasi tu. Kuna jambo zito zaidi. Chini ya kanuni za zamani mtu hakuweza kupoteza mechi huku akianzisha yeye mwenyewe. Kosa lake lilimgharimu zamu, si mechi, kwa kuwa mpinzani alilazimika kwanza kuichukua zamu hiyo ndipo aanze kutafuta pointi. Kwa hiyo aliyekuwa nyuma sana alikuwa na mahali pa kuvutia pumzi. Tangu 2006 mahali hapo hapapo tena.

Turudi Kuching na tuhesabu. Lee ana 13, Lin ana 20. Pointi yoyote ya Lin inamaliza mechi, kwa hiyo ili Lee afike 20 ilimbidi ashinde mara saba mfululizo bila kukatizwa hata mara moja. Mara ya kwanza ilimpa pointi ya 14 na zamu ya kuanzisha. Kuanzia hapo hadi pointi ya 20 alianzisha mwenyewe mara sita, na katika kila moja ya hizo sita, kianzio kimoja kilichonasa wavuni kingetosha kumpa Lin kombe. Kwa kanuni za mwaka uliotangulia, makosa kama hayo yasingeimaliza mechi. Ikumbukwe pia kwamba kianzio cha badminton si silaha kama cha tenisi. Hupigwa kutoka chini kwenda juu, na mara nyingi anayepokea ndiye anayepata nafasi ya kwanza ya kushambulia. Lee alikuwa anamkabidhi Lin nafasi hiyo kila mara, huku yeye mwenyewe akisimama ukingoni.

Aliyekuwa anatazama bila kuona ubao angeweza hata kuufuata mfululizo huo kwa miguu ya Lee. Katika mchezo wa mmoja mmoja, mwenye pointi shufwa huanzisha kutoka upande wake wa kulia, na mwenye pointi witiri kutoka kushoto. Akiwa na 14 Lee alisimama kulia, 15 kushoto, 16 kulia, akaenda hivyo hadi 20, kulia tena. Kanuni hii ndiyo msaada mkubwa wa wanaocheza mtaani bila mwamuzi. Mkibishana kama ni 16 au 17, kumbukeni kianzio kilichopita kilipigwa kutoka wapi, na ubishi mara nyingi utaisha hapo.

Sasa ni 20–20. Hapa ndipo mtazamaji mgeni huchanganyikiwa, maana anaona mtu anafika 21 na mechi haisimami. Namba 21 inatosha tu ikiwa mpinzani amebaki na 19 au chini yake. Wakifungana 20, anayeshinda ni yule atakayemwacha mwenzake kwa pointi mbili: 22–20, 23–21, 24–22, na kuendelea. Pointi ya 21 hapo humweka mtu mbele tu, na mpinzani akijibu, wako sawa tena.

Matokeo ya 23–21 yanaweza kusomwa kinyumenyume. Baada ya 20–20 Lee alipata pointi tatu na Lin moja. Kama Lee angepata mbili za kwanza, seti ingeisha 22–20. Kwa hiyo pointi moja ya Lin lazima ilikuja ndani ya mbili za kwanza, na lazima walikutana kwenye 21–21, kisha Lee akashinda mbili mfululizo. Ukijumlisha yote tangu 13–20, vinyoya 11 vilichezwa: Lee alichukua 10, Lin kimoja. Ndiyo maana nasema matokeo ya badminton si takwimu kavu. Anayejua kanuni husoma ndani yake mwendo wa mechi ambayo hakuiona.

Kurefusha huku kuna ukomo. Wakifungana 29–29, tofauti ya mbili haihitajiki tena. Anayepata pointi ya 30 ameshinda, hata kama ni 30–29. Wapo wanaoona ni ukatili kwamba kazi ya vinyoya 58 iamuliwe na kimoja. Mimi nadhani ukomo huo ni wa haki, kwa sababu unawabana wote wawili kwa kipimo kimoja, na kwa sababu mchezaji aliyeburuzwa hadi 40–38 angeingia mechi ya kesho akiwa ameshashindwa. Seti chache sana hufika huko.

Limebaki suala la upande wa uwanja, ambalo watazamaji wengi hulichukulia kama adabu tu. Kinyoya kina uzito wa kama gramu 5, kwa hiyo hewa inayosogea kidogo tu hukipeleka. Katika kumbi kubwa viyoyozi husukuma hewa kuelekea upande mmoja. Katika ukumbi wenye madirisha wazi, ni upepo wenyewe. Anayepiga kwa kufuata hewa huona vinyoya vyake vikipitiliza mstari wa nyuma, na anayepiga kwa kuikabili huona vikianguka katikati ya uwanja, mahali pazuri kwa mpinzani kushindilia. Hata taa iliyowekwa vibaya juu ya upande mmoja inaweza kumnyima mtu kinyoya cha juu.

Ndiyo maana pande hubadilishwa mara tatu mechi ikifika seti ya tatu: baada ya seti ya kwanza, baada ya ya pili, na katikati ya seti ya tatu, mara tu mmoja anapofikisha pointi 11. Katika kila seti, mmoja akifika 11, wachezaji hupewa mapumziko yasiyozidi sekunde 60, lakini katika seti mbili za kwanza hurudi pale pale walipokuwa. Ni seti ya tatu pekee ambamo mapumziko hayo huendana na kuhama. Kati ya seti na seti mapumziko ni sekunde 120.

Fuatisha kwa kidole. Ukianza upande wa mlango, seti ya pili unacheza upande wa mbali, seti ya tatu unaanza tena mlangoni, na kuanzia 11 unamalizia mbali. Yaani katika mechi ya seti tatu kamili, kila mchezaji humalizia upande ambao hakuanzia. Kwa hiyo wakati wa kura, anayeshinda anaweza kuchagua kuanzisha, kupokea au upande, na mchezaji mwerevu aliyeona hewa ya ukumbi mara nyingi huchukua upande mbaya kwanza, ili ule mzuri uwe wake mwishoni.

Na mwisho huo ni mrefu kuliko unavyofikiri. Kufika 11 hakuwezi kuchukua zaidi ya vinyoya 21, yaani 11–10. Seti ya tatu ya Kuching ilikuwa na vinyoya 44, kwa hiyo angalau 23 vilichezwa baada ya kubadilishana. Seti ikirefushwa, kila pointi ya nyongeza huchezwa na watu waliosimama pale pale. Namba 11 inagawa seti vizuri kwa kadiri inavyowezekana, lakini haiwezi kuigawa nusu kwa nusu, na seti ikivuka 20–20 pengo hilo huongezeka.

Lin na Lee walikutana tena katika fainali ya ubingwa wa dunia, London, 2011. Lee alishinda seti ya kwanza 22–20, Lin ya pili 21–14, na seti ya tatu ikaishia tena 23–21. Safari hii mwenye 23 alikuwa Lin.

Katika mechi kubwa mwamuzi hasahau kuwabadilisha watu upande. Kwenye viwanja vya klabu husahaulika karibu kila wiki: mtu amefika 11, wote wanahema, anayepata pointi anaokota kinyoya na kuanzisha. Ubishi huzuka wanapogundua kwenye 15–13, na aliyekuwa upande mbaya hudai warudi 11. Kanuni haimpi hilo. Kinyoya kilichopo hewani kimalizwe kwanza, kisha wabadilishane pande papo hapo, na pointi zote zilizopatikana zibaki kama zilivyo. Wanaanza tena kwenye 15–13, au namba yoyote waliyofika, na aliyepata pointi ya mwisho ndiye anayeanzisha.