Z Kwanza au X Kwanza?

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mwale wa atomi za fedha kati ya ncha za sumaku, nao ukagawanyika mara mbili. Leo tunasema spini juu na spini chini.

Tuiandike hali ya atomi kwa namba mbili, (a, b): sehemu ya juu na ya chini. Kipimo cha wima huwakilishwa na tendo Z, linalogeuza alama ya namba ya pili. Cha ulalo na tendo X, linalobadilisha namba mahali. (Tendo si kupima kwenyewe, wengi hujikwaa hapo.)

Chukua (1, 0). Ukianza na X unapata (0, 1), kisha Z inatoa (0, −1). Ukianza na Z hakuna kinachobadilika, kisha X inatoa (0, 1). Majibu yamepishana alama. Tofauti ZX − XZ huitwa komuteta, na hapa si sifuri.

Sasa tuseme ipo hali yenye jibu la hakika kwa vipimo vyote viwili: m kwa Z, n kwa X. Juu yake kila tendo ni kuzidisha tu, na m mara n ni sawa na n mara m, hivyo komuteta inatoa sifuri. Kama hali za aina hiyo zingetosha kuchanganywa zikajenga hali zote, hata (1, 0) ingetoa sifuri. Haikutoa.

Angalia neno “zingetosha”. Katika hali ya chini kabisa ya hidrojeni, elektroni ina mzunguko sifuri kukizunguka kiini, kwa pande zote tatu kwa pamoja, ingawa matendo ya pande hizo nayo hugombania zamu.